Risiti Ikipotea Kabla ya Kurejeshewa Fedha: Ushahidi Unaokubalika

Mhasibu anapodai risiti huwa anatafuta mambo mawili: kwamba fedha zilitoka kweli mfukoni mwako, na kwamba zilinunua kitu kilichohusu kazi. Taarifa ya benki huthibitisha la kwanza tu, kwa kuwa hutaja muuzaji, tarehe na jumla bila kusema kilichonunuliwa, na hapo ndipo madai mengi tunayoyakagua hukwama. Kwa hiyo kabla ya kuandika maelezo yoyote, mrudie muuzaji umwombe nakala ya risiti, ambayo kwa kawaida waajiri huipokea hata kama imegongwa muhuri wa “nakala”.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyerudi safarini bila risiti ya hoteli, aliyoilipia kwa kadi, wala ya teksi, aliyoilipia taslimu. Taarifa yake ya benki inaonyesha malipo ya hoteli tarehe 14, lakini hoteli inatafuta siku hiyo na haioni kitu. Sababu ni kwamba tarehe 14 ndiyo siku benki ilipoingiza muamala kwenye akaunti, ilhali yeye alilipa na kuondoka tarehe 12. Akitaja tarehe 12, jina alilojiandikisha nalo, kiasi kamili na tarakimu nne za mwisho za kadi, ankara hupatikana upesi. Ankara hiyo pia hutenganisha malazi na vitu vyake binafsi, jambo ambalo taarifa ya benki haiwezi kulifanya.

Teksi ni ngumu zaidi, kwa kuwa dereva wa kulipwa taslimu huenda hana kumbukumbu yoyote. Hapa hutumika tamko la kupotea kwa risiti, linalotiwa saini na mdai pamoja na msimamizi wake, likieleza tarehe, alikotoka na alikokwenda, shughuli iliyompeleka, kiasi, jinsi risiti ilivyopotea, na kwamba hajadai fedha hizo kwingineko. Saa ya safari aitafute kwenye mwaliko wa kikao na ujumbe aliomwandikia dereva, kisha aviambatanishe. Kama kiasi hakikumbuki barabara, aandike wazi kuwa ni makadirio na aonyeshe ameyapataje, kwa mfano kwa risiti ya safari nyingine ya njia ileile. Fedha alizotoa benki asubuhi ile zinaonyesha tu kwamba alikuwa na taslimu.

Waajiri wengi hulikubali tamko kwa kiasi kidogo tu, na wengine huhesabu mara ulizolitumia kwa mwaka. Aidha, pale sheria ya kodi inapodai risiti halali, mwajiri anaweza kukosa kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye manunuzi, hivyo kukataliwa si lazima kuwe na maana kwamba umeshukiwa. Lakini usijaze mwenyewe risiti tupu uliyopewa na muuzaji, hata kama kiasi unachoandika ni cha kweli, kwani huko ni kughushi, na dai lililokuwa halali hugeuka kosa la nidhamu.