Mapitio ya tahadhari za mwezi: ipi ibaki, ipi ifutwe

Mfumo wa kuchunguza seva hutuma tahadhari kwa mtu wa zamu kila kipimo kinapovuka mpaka uliowekwa. Mapitio ya tahadhari ni kazi ya kurudi nyuma siku 30, kuzikusanya zote zilizolia, na kuuliza juu ya kila moja: baada ya kulia, kuna mtu aliyefanya jambo? Sehemu ya tahadhari zilizoleta jambo hilo, kati ya zote zilizolia, ndiyo kiwango cha hatua.

Ugumu wote uko katika kuamua hatua ni nini. Kubonyeza kitufe cha "nimeiona" si hatua. Kufungua grafu, kuitazama na kurudi kulala si hatua pia. Hatua ni kubadilisha kitu: kuwasha upya huduma, kurudisha toleo la zamani la programu, kuongeza diski, au kufungua kazi ambayo kweli ilikuja kufanywa. Ukihesabu vitufe vilivyobonyezwa utapata kiwango kizuri mno, na mtu wa zamu ataendelea kuamshwa saa nane za usiku bila sababu.

Tuseme timu fulani imepata tahadhari 200 kwa mwezi, zote kutoka kanuni tatu. Kanuni ya prosesa kuzidi asilimia 90 ililia mara 84, bila hatua hata moja. Ya diski kujaa asilimia 80 ililia mara 96, hatua 3. Ya maombi ya watumiaji kushindwa ililia mara 20, hatua 16. Jumla ni hatua 19 kati ya 200, yaani asilimia 9.5. Wastani huo unaonyesha kwamba kuna tatizo, lakini hauonyeshi liko wapi, kwa hiyo kiwango kihesabiwe kwa kila kanuni peke yake.

Ya prosesa ni rahisi. Karibu zote zililia usiku, wakati ripoti zinapotengenezwa, zikajizima zenyewe baada ya dakika chache. Swali la mwisho kabla ya kuifuta ni kama kuna siku ambayo yenyewe peke yake ndiyo iliyofichua hitilafu. Ikiwa kila mara watumiaji walipoumia ile ya maombi kushindwa nayo ililia, basi ya prosesa haihitajiki. Grafu yake ibaki, kelele ziondoke.

Ya diski ndiyo inayostahili muda. Hatua 3 kati ya 96 ni kama asilimia 3, na wengi wangeifuta hapo hapo. Wangekosea. Soma zile tatu kwanza. Tuseme katika zote tatu diski ilikuwa ikijaa kwa kasi, kwa sababu programu ilikuwa ikiandika kumbukumbu za makosa mfululizo, ilhali zile 93 zilitoka kwenye diski zinazokaa kati ya asilimia 79 na 82 wiki nzima, zikivuka mpaka na kurudi. Tatizo basi si kiasi kilichojaa, ni kasi ya kujaa. Kwa anayetumia Prometheus kama mfumo wa kuchunguza seva, kanuni inaweza kuandikwa upya hivi:

```
predict_linear(node_filesystem_avail_bytes[6h], 24*3600) < 0
```

Maana yake: kwa mwendo wa saa 6 zilizopita, nafasi itakwisha ndani ya saa 24. Ongeza `for: 30m` ili mruko wa muda mfupi usimwamshe mtu.

Data ya mwezi nayo ina mitego. Prometheus, isipobadilishwa mipangilio, huhifadhi data siku 15 tu, kwa hiyo ukiiomba siku 30 itakupa nusu bila kulalamika. Alertmanager, programu inayosambaza tahadhari za Prometheus, nayo hutuma tena tahadhari ambayo haijazimika, kwa kawaida kila saa 4. Ukihesabu ujumbe badala ya matukio, hitilafu moja ya siku nzima itaonekana kama sita.

Tahadhari ambayo haikulia kabisa isihukumiwe kwa mwezi mmoja. Ya cheti cha usalama kinachokaribia kuisha, au ya nakala rudufu kushindwa, inaweza kukaa kimya mwaka mzima na bado ikawa ya lazima. Hiyo ijaribu kwa kuilazimisha ilie, uone kama ujumbe unafika.

Mimi nashauri kutofuta siku ya mapitio yenyewe. Ielekeze kwanza kanuni hiyo kwenye kituo kisichoamsha mtu, iache wiki mbili, kisha uifute na kuandika sababu mahali kanuni zinapohifadhiwa. Na kwa kuwa kiwango cha hatua hupanda kwa kufuta tu, weka pembeni yake hesabu ya pili: hitilafu ngapi mwezi huo ziligunduliwa na watumiaji kabla ya mfumo kulia. Hesabu hiyo ikianza kupanda baada ya mapitio, angalia ulichofuta, na ukirudishe.