Kwa nini riba ya usiku mmoja hupanda bila Benki Kuu kusema neno

Tangu mfumo mpya wa kupanga riba za mikopo uanze kutumika Kenya Septemba 2025, malalamiko tunayoyapokea yamebadilika. Zamani watu waliuliza kwa nini benki haishushi riba. Siku hizi wanauliza: "Benki Kuu haijakutana mwezi huu, mbona KESONIA imesogea?" Swali ni la haki, kwa sababu mkopo mpya wa riba inayobadilika sasa huanzia kwenye KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana shilingi kwa usiku mmoja, kisha benki huongeza sehemu yake kulingana na gharama, faida na hatari ya mteja. Dhana ya kwamba kuna mtu Benki Kuu anayeketi kila asubuhi na kuiandika KESONIA ndiyo isiyo ya haki. Hayupo.

Bidhaa inayouzwa katika soko hili ni salio la benki katika akaunti yake Benki Kuu. Tuliite akiba. Amana yako ni deni la benki kwako. Akiba ni ya benki yenyewe, na ndiyo inayohama ukimlipa mtu mwenye akaunti katika benki nyingine, au ukilipa kodi. Tafadhali tusichanganye hayo mawili. Benki inaweza kuwa na amana za mabilioni na bado ikakaukiwa na akiba saa tisa alasiri.

Benki huihitaji kwa mambo mawili: kukamilisha malipo ya siku, na kutimiza kiwango cha lazima, ambacho tangu Februari 2025 ni asilimia 3.25 ya amana. Kiwango hiki hupimwa kwa wastani wa mzunguko unaoanza tarehe 15 ya mwezi na kuisha tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Juu ya wastani huo kuna sakafu ya kila siku ambayo salio halitakiwi kushuka chini yake. Upungufu hutozwa riba ya adhabu kwa kila siku unapoendelea. Ninalirudia hili kwa sababu wapo wanaodhani benki huomba tu radhi.

Tuchukue benki ya mfano yenye amana za shilingi bilioni 200. Kiwango chake ni bilioni 6.5 kwa wastani. Katika mzunguko wa Septemba 15 hadi Oktoba 14, wenye siku 30, jumla ya masalio yake ya kila jioni lazima ifike bilioni 195. Kwa siku 24 za kwanza imeshika bilioni 6.5 barabara. Tarehe 9 ndiyo siku ya mwisho ya waajiri kuwasilisha kodi ya mishahara. Wateja wanalipa, fedha zinahamia akaunti ya serikali Benki Kuu, na salio linashuka hadi bilioni 6.2. Afisa wa dawati la fedha hana haraka. Kuna siku za kufidia, na riba ikishuka kesho atanunua kesho. Hivyo mwanzoni na katikati ya mzunguko mahitaji hunyumbuka: riba ikipanda kidogo, wengi wanasubiri.

Lakini hakununua. Siku tano, tarehe 9 hadi 13, zimepita na upungufu wa milioni 300 kila siku, jumla bilioni 1.5. Tarehe 14 anahitaji kufunga na bilioni 8, na anazo 6.2. Hakuna kesho. Simu zinaanza: "Una ngapi? Unatoa kwa ngapi?" Kukopa bilioni 1.8 kwa asilimia 9.50 kunamgharimu takriban shilingi 468,000 kwa usiku huo. Kwa asilimia 10.25 ni takriban 505,000. Tofauti ni shilingi 37,000 hivi, na hakuna meneja atakayekubali adhabu ili kuokoa kiasi hicho. Atalipa. Siku hiyo kiasi anachotaka hakibadiliki kwa sababu ya bei.

Sasa zidisha benki hiyo mara nyingi, maana kodi ya tarehe 9 haikutoka kwake peke yake. Kodi ikiingia kwenye akaunti ya serikali, akiba imetoka katika mfumo mzima wa benki. Benki zikikopeshana, akiba hubadilisha mikono tu, haiongezeki hata senti. Ugavi umepungua, mahitaji yako palepale, kwa hiyo bei inapanda mpaka asiye na shida sana aachie. Ndivyo inavyotokea pia Jumatatu benki zinapolipia hatifungani zilizonunua serikalini. Serikali ikilipa mishahara, ikituma fedha za kaunti au ikikomboa hatifungani zilizoiva, mambo hugeuka: akiba inarudi, kila mtu anazo, na riba inateleza.

Kupunguza kiwango cha lazima hufanya kazi kwa upande mwingine. Kiliposhuka kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25, benki yetu ya mfano ilihitaji bilioni 6.5 badala ya 8.5. Akiba haikuongezwa, zilizohitajika ndizo zilizopungua. Magazeti huandika kwamba fedha "zilimwagwa sokoni", na sisi huwa tunaguna.

Riba haiachwi iruke itakavyo. Juni 2025 ilikusudiwa kukaa ndani ya asilimia 0.75 juu au chini ya riba ya Benki Kuu, ile inayowekwa na kamati yake ya sera ya fedha. Agosti 2025 riba hiyo iliwekwa asilimia 9.50, kwa hiyo njia ilikuwa kati ya 8.75 na 10.25. Akiba zikipungua, Benki Kuu huzitoa kwa repo ya kinyume, ikipokea hatifungani za benki kama dhamana. Zikizidi, huzinyonya kwa repo, yaani yenyewe hupokea akiba na kutoa hatifungani. (Majina hayo yako upande wa Benki Kuu, mwanafunzi anayeyasoma kutoka upande wa benki huyapindua kila mwaka.) Mlango wa mwisho ni dirisha la dharura la Benki Kuu, ambalo wakati huo lilitoza riba ya Benki Kuu pamoja na asilimia 0.75. Ndiyo maana benki yenye dhamana haikuwa na sababu ya kumlipa mwenzake zaidi ya 10.25. Hata hivyo, benki inayobisha dirishani zaidi ya mara mbili kwa wiki huangaliwa kwa karibu, na baadhi huona afadhali zilipe zaidi kimyakimya.

Mfano huu una kikomo chake: unadhani akiba humfikia anayezihitaji. Baada ya Imperial Bank kufungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, benki kubwa zilikuwa na akiba lakini zikasita kuzikopesha ndogo. Jumla ilitosha, imani ndiyo iliyopungua. Katika hali hiyo wastani unaweza kuonekana mtulivu huku benki ndogo ikitozwa bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutuandikia, tazama tarehe. Riba ikipanda karibu na tarehe 14 na kushuka mara mzunguko mpya unapoanza, umeuona mwisho wa hesabu. Ikipanda baada ya siku ya kodi na kubaki juu kwa wiki nzima, tazama kama serikali imeanza kulipa na kama Benki Kuu imeingiza akiba. Ikihama pamoja na riba ya Benki Kuu, hapo ndipo kuna uamuzi wa sera, na hapo malalamiko yako yana mtu wa kuyapokea.