Picha 80 Haziwi 4,000: Dhana Potofu Kuhusu Data ya Kutambua Viwavijeshi

Anayetaka kufundisha modeli ya kutambua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi karibu kila mara huja na hesabu ileile: "Nina picha 80 tu, lakini si tatizo. Nitazipindua, nitazizungusha, nitabadili mwanga mpaka zifike 4,000, kisha asilimia 80 nifundishie na 20 nipimie." Kwenye kompyuta anapata 0.97 ya mAP50, alama ya usahihi wa kutambua ambayo kilele chake ni 1. Modeli ikipelekwa shamba jingine, inawapita viwavi ambao hata mtoto angewaona. Hesabu hii imerudiwa mno, kwa hiyo naanza nayo.

Dhana: kuzidisha picha ni sawa na kupata picha mpya

Si sawa. Picha iliyopinduliwa bado ina kiwavi yuleyule, juu ya jani lilelile, chini ya jua la saa ileile. Inaifundisha modeli kwamba kiwavi aliyeelekea kushoto ni sawa na aliyeelekea kulia, na hilo lina faida yake. Lakini kama viwavi wako wote ni wakubwa na wa kijani, hakuna mgeuzo utakaokupa kiwavi mchanga wa milimita 2, wala yule wa kahawia iliyokaribia weusi aliyejificha chini ya kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao.

Kibaya zaidi ni kugawa baada ya kuzidisha. Nakala moja ya kiwavi inaangukia folda ya mafunzo, `train`, nakala yake iliyopinduliwa inaangukia ya kupimia, `val`, na modeli inatahiniwa kwa swali ambalo imeshakariri jibu lake. Hiyo 0.97 inapima kumbukumbu tu.

Hata usipozidisha chochote, kosa hili linaweza kukukuta. Zipange zile picha 80 kwa muda zilipopigwa, uzitazame moja moja. Mara nyingi mpigaji alisimama mbele ya mmea mmoja akabonyeza mara tatu au nne. Tuseme picha 80 zimetoka kwenye mimea 22, katika mashamba 3. Basi una mifano 22 na mazingira 3, na hiyo ndiyo idadi ya kuandika kwenye daftari. Kwa hiyo usigawe kwa picha, gawa kwa shamba: mashamba mawili yafundishe, la tatu lipime, kisha mzunguke mpaka kila shamba liwe limepima mara moja.

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold

for train, val in GroupKFold(n_splits=3).split(picha, groups=shamba):
    print(len(train), len(val))
```

Hapo `picha` ni orodha ya picha zako, na `shamba` ni orodha inayotaja kila picha imetoka shamba gani. Alama zitashuka, na pengine zitashuka sana. Usiogope, kwa sababu hizo ndizo alama utakazozikuta kwa mkulima. Ukishagawa, zidisha upande wa mafunzo peke yake, na upande wa kupimia uuache kama ulivyotoka kwenye simu.

Ushauri ninaoung'ang'ania ni huu: kabla ya kutumia siku nzima kurekebisha vipimo vya mgeuzo, tumia asubuhi mbili shambani. Nenda mapema, maana jua likipanda viwavi wakubwa huzama ndani ya moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipuka. Piga picha mbili tu kwa kila mmea, moja kutoka juu kwa umbali wa kama sentimita 30 na nyingine kwa umbali ambao mkulima angeshika simu akiwa amesimama. Kisha songa mbele, ukiruka mistari kadhaa. Mimea 30 kutoka mashamba sita itakufaa kuliko mimea 100 ya shamba moja, hasa ukichanganya mahindi ya urefu wa goti na yale yanayokaribia kuchanua, majani makavu na yenye umande.

Dhana: kila mgeuzo unafaa

Mgeuzo unafaa pale tu unapoiga kitu kinachoweza kutokea shambani. Mwanga hubadilika, kwa hiyo kupunguza na kuongeza mwangaza kuna maana. Kwa picha iliyopigwa kutoka juu, juu na chini ni sawa, hivyo pindua utakavyo. Rangi usiivuruge, kwa sababu jani la buluu halipo.

Kuzungusha kwa pembe yoyote ndiko kunakoharibu visanduku, yaani lebo zinazochorwa kumzunguka kila kiwavi. Chukua kiwavi aliyelala wima katika kisanduku cha piksele 40 kwa 100. Ukizungusha picha digrii 45, programu haijui kiwavi anaishia wapi. Inazungusha pembe nne za kisanduku na kuchora kipya kinachozifunika zote, takriban 99 kwa 99. Kiwavi mwenyewe, akiwa na umbo la yai refu, angetosha kwenye 76 kwa 76. Umeshafundisha modeli kuchora visanduku vilivyolegea. Mizunguko ya digrii 90 haina shida hiyo.

Mgeuzo mmoja ninaoupendekeza pale mifano ilipo haba kweli ni kukata na kubandika. Mkate kiwavi kwa kufuata mstari wa mwili wake, umbandike kwenye picha ya mmea usio na kiwavi, ulainishe kingo kidogo. Masharti ni haya: ukubwa wake uendane na umbali wa picha ile, akae juu ya jani au kwenye moyo wa mmea na si hewani, na viwavi wa kukata watoke kwenye mashamba ya mafunzo pekee. Ukimchukua wa shamba la kupimia, umerudi kwenye kosa la mwanzo.

Dhana: weka lebo kwa wanaoonekana vizuri tu

Kiwavi uliyemruka bila kumwekea lebo hapuuzwi tu wakati wa mafunzo. Modeli inafundishwa kwamba yeye ni jani, na inaadhibiwa kila inapomwona. Katika picha 80, viwavi 15 walioachwa ni hasara kubwa. Andika kanuni kabla ya kuanza: aliyefichwa nusu, chora sehemu inayoonekana, anayeonekana kichwa tu, chora kichwa, usiyeweza kumwamua hata ukikuza picha, ifiche sehemu hiyo kwa rangi moja. Wape watu wawili picha 20 zilezile bila kuonyeshana, kisha linganisheni. Pale mnapotofautiana, kanuni ndiyo yenye kasoro.

Dhana: picha zisizo na kiwavi hazina kazi

Zina kazi. Weka chache zenye matone ya udongo, poleni iliyodondoka, majani yaliyooza na bungua wa mabua. Faili la lebo la kila picha ya aina hiyo liwe tupu.

Dhana: simu ya piksele nyingi inatosha

Picha ya piksele 4000 kwa 3000 ikipunguzwa hadi upana wa 640 inagawanywa kwa 6.25. Kiwavi wa piksele 100 anabaki 16, na mchanga wa piksele 12 anabaki chini ya mbili. Hapo hakuna cha kujifunza. Ikate picha vipande vya 640 vinavyopishana kwa asilimia 20, au ukubali gharama ya kumbukumbu na ufundishe kwa ukubwa zaidi, kama katika amri hii ya YOLO, programu ya kutambua vitu kwenye picha:

```
yolo detect train model=yolo11n.pt data=viwavi.yaml imgsz=1280 degrees=0 flipud=0.5 fliplr=0.5 hsv_h=0.015
```

Ukikata vipande, vyote vya picha moja vikae upande mmoja wa mgawanyo, na shambani nako picha ikatwe vivyo hivyo kabla ya modeli kuisoma.