Je, wajua kwa nini kasoro ya nyumba haipunguzi bei kwa gharama yake yote?

"Fundi amekuta kasoro za karibu shilingi milioni moja na laki tatu katika nyumba ninayotaka kununua Bamburi. Kwa nini mwenye nyumba hakubali kunipunguzia kiasi hicho chote?"

Huenda sehemu kubwa ya kasoro hizo imekwisha kuhesabiwa ndani ya bei tangu mwanzo. Nyumba zilizouzwa karibuni katika mtaa huo nazo zilikuwa na mabati yaliyochakaa na nyaya za umeme za zamani, na wanunuzi wake walilipa bei waliyolipa wakiyajua hayo. Mnunuzi anayeanzia kwenye bei iliyotokana na nyumba hizo, kisha akaondoa tena gharama ya mabati na nyaya, anataka apunguziwe mara mbili kwa jambo lile lile. Muuzaji anaweza asijue kulieleza kwa hesabu, lakini atalihisi, na ndiyo maana hukataa.

Tuchukue nyumba ya mfano, yenye tarakimu za kubuni ila hesabu ya kweli. Ni nyumba ya vyumba vitatu huko Bamburi, Mombasa, ina kisima chake, na mwenyewe anataka milioni 14.5. Ripoti ya ukaguzi inataja mambo matatu: paa la mabati lililoliwa na kutu, ambalo kulibadilisha kutagharimu laki 6; nyaya na swichi za zamani, laki 1.5, na boriti ya baraza ambayo nondo zake zimeanza kuoza ndani ya zege, laki 5.5.

Kabla ya kuigusa ripoti hiyo, mnunuzi anapaswa kujua nyumba kama hiyo inauzwa kwa kiasi gani, na hapa wengi huteleza. Bei zinazotangazwa mitandaoni ni maombi ya wauzaji, wala si mauzo. Nyumba inaweza kukaa katika tangazo mwaka mzima kwa milioni 16 na hatimaye ikauzwa kwa 13 bila mtu wa nje kujua. Nchini Kenya hakuna daftari la wazi ambalo mtu yeyote analifungua na kusoma nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani, na hata bei inayoandikwa katika hati za uhamisho si ya kuaminika sikuzote, kwa kuwa wapo wanaoandika pungufu ili kupunguza ushuru wa stempu. Mwenye kumbukumbu za mauzo halisi ni mtathmini aliyesajiliwa, na ada yake ni ndogo ikilinganishwa na kosa la nusu milioni. Dalali wa mtaa naye anajua mengi, ingawa inafaa kukumbuka kwamba malipo yake hupanda kadiri bei inavyopanda.

Tuseme mtathmini ameleta mauzo matatu. Nyumba ya kwanza iliuzwa miezi 4 iliyopita kwa milioni 13.2, kiwanja na ukubwa wake ni sawa na nyumba yetu, mabati na nyaya zake ni za umri ule ule, lakini haina kisima. Ya pili iliuzwa miezi 7 iliyopita kwa milioni 14. Ina kisima, nyaya zake ni za zamani, ila paa lilikuwa limebadilishwa karibuni. Ya tatu iliuzwa miezi 14 iliyopita kwa milioni 12.4, na muuzaji, aliyehitaji fedha haraka, alikuwa ndugu wa mnunuzi. Hiyo ya tatu tunaiweka kando, hata kama inatupendeza kwa sababu bei yake ni ya chini, kwa kuwa bei ya ndugu mwenye dharura haituambii mgeni angelipa kiasi gani. Muuzaji akiona umeiingiza katika hoja yako, hizo nyingine mbili nazo zitapoteza uzito.

Kanuni ya kulinganisha ni kwamba nyumba unayoitaka haiguswi; zinazorekebishwa ni zile zilizokwisha kuuzwa, hadi zifanane nayo. Nyumba ya kwanza haina kisima, basi tunaiongezea thamani ya kisima, tuseme laki 3, nayo inafika milioni 13.5. Nyumba ya pili ina paa jipya ambalo yetu haina, basi tunaipunguzia laki 6, nayo inashuka hadi milioni 13.4. Majibu mawili yaliyokaribiana hivyo ni dalili njema. Yangeachana kwa milioni mbili, ingemaanisha kuna jambo kuhusu nyumba mojawapo ambalo hatujaambiwa. Tunachukua katikati, yaani milioni 13.45.

Sasa tuirudie ripoti ya fundi. Paa lililochakaa limo tayari ndani ya hiyo milioni 13.45, kwa sababu nyumba ya kwanza iliuzwa na paa kama hilo na ya pili tumeiondolea thamani ya paa jipya. Nyaya nazo zimo, kwa kuwa nyumba zote mbili zina nyaya za zamani. Boriti ndiyo kasoro pekee ambayo nyumba hizo hazikuwa nayo, na ndiyo pekee inayostahili kuondolewa. Milioni 13.45 ukitoa laki 5.5 ni milioni 12.9, na hicho ndicho kikomo cha mnunuzi huyu. Ripoti ya milioni moja na laki tatu imezaa punguzo la laki tano na nusu. Pengo lililobaki kati ya 14.5 na 13.45 halikutokana na ukaguzi hata kidogo, bali na mauzo ya jirani. Katika barua ya ofa, mambo hayo mawili yaandikwe mbalimbali, kila moja na ushahidi wake, ili muuzaji akibishana na moja lisiangushe jingine.

Boriti hiyo yenyewe inahitaji kuelezwa vizuri, maana katika nyumba za pwani ndiyo kasoro inayofichwa kwa urahisi na kugharimu sana. Chumvi huingia ndani ya zege kwa upepo wa bahari, au huwamo tangu siku ya ujenzi pale ambapo mchanga wa ufukweni ulitumika bila kuoshwa. Ikifika kwenye nondo, chuma huanza kushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Zege halina njia ya kutanuka, kwa hiyo hupasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha hubanduka. Anayekagua huitafuta kwa macho na kwa nyundo ndogo: ufa mrefu ulionyooka chini ya boriti, madoa ya rangi ya kahawia, na sauti ya uwazi pale anapogonga. Lipu mpya na rangi mpya kwenye boriti moja tu, ilhali nyumba nzima ina rangi ya miaka kumi, inanitia shaka kuliko ufa wenyewe.

Kwa sababu hiyo, muuzaji anaposema "usijali, nitairekebisha mwenyewe kabla ya kukukabidhi", mnunuzi asikubali upesi. Ukarabati wa kweli unataka zege livunjwe hadi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, kilichokonda sana kibadilishwe, kipakwe kinga, ndipo zege jipya lijazwe. Mtu anayeondoka katika nyumba hana sababu ya kulipia hayo yote. Ataziba kwa lipu, na baada ya mvua za masika chache ufa utarudi pale pale. Bei ya kazi hiyo nayo isitoke katika kinywa cha fundi mmoja. Makadirio mawili yaliyoandikwa, pamoja na barua fupi ya mhandisi, yana nguvu ambayo picha arobaini za simu hazina. Kuhusu orodha ya mabomba yanayovuja na milango isiyofunga vizuri, ingekuwa afadhali ibaki mfukoni. Muuzaji anayeletewa kasoro arobaini huona anadharauliwa, na ile moja yenye uzito humezwa na nyingine.

Lipo jambo moja ambalo anayenunua kwa mkopo hulisahau. Bei ikishushwa hadi milioni 12.9, na benki ikitoa asilimia 80, mnunuzi atatoa mfukoni milioni 2.58 kama sehemu yake, ushuru wa stempu wa asilimia 4 unaotozwa mjini, ambao ni shilingi 516,000, na bado atatafuta laki 5.5 za boriti. Jumla yake ni kama milioni 3.65 taslimu. Njia nyingine ni kukubaliana milioni 13.45, na laki 5.5 kati ya fedha hizo zizuiliwe na wakili ili zilipie kazi ya boriti mhandisi akishaithibitisha. Hapo mnunuzi anatoa milioni 2.69 na ushuru wa shilingi 538,000, yaani kama milioni 3.23. Amebaki na zaidi ya laki nne mkononi siku ya kuhamia, ingawa mkopo wake umeongezeka kwa shilingi 440,000 ambazo zitalipiwa riba. Anayenunua kwa fedha taslimu hana haja ya mzunguko huo. Kwake punguzo la bei ndilo bora. Kwa wa mkopo, kuna mpaka: benki hukopesha kwa kufuata kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani iliyotolewa na mtathmini wake, na mtathmini huyo akiiona boriti anaweza kuishusha thamani. Zuio hilo lazima liandikwe wazi katika mkataba na benki ioneshwe, kwa kuwa bei mbili, moja ya benki na nyingine ya pembeni, ni udanganyifu.

Yote haya yana wakati wake. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. Kabla ya hapo mnunuzi anaweza kusogeza bei au kuondoka. Baada ya kutia saini na kulipa amana, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, kasoro anayoigundua huwa ni yake, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Kwa hiyo barua ya ofa itaje tangu mwanzo kwamba bei inategemea ukaguzi na itoe siku maalumu, tuseme 14, za kuufanya. Mnunuzi wetu angeweza kuanza na milioni 12.7, akiambatanisha mauzo mawili na makadirio ya boriti. Muuzaji akijibu 13.3 bila kueleza kwa nini, swali la kumuuliza ni nyumba gani ya mtaa huo yenye boriti iliyooza imeuzwa kwa bei hiyo. Akiwa nayo ya kweli, hesabu ifanywe upya. Asipokuwa nayo, mazungumzo yarudi kwenye 12.9, au kwenye 13.45 yenye zuio.