Gawio ni kesho, koli uliyouza hutekelezwa leo usiku

Msimu wa gawio ukikaribia, malalamiko ya aina moja huongezeka mezani kwetu. Mteja aliuza koli, yaani opsheni inayompa mwenzake haki ya kununua hisa kwa bei waliyokubaliana, iitwayo bei ya mkataba. Alilala akijua mkataba una siku kadhaa mbele yake. Akaamka na kukuta akaunti inaonyesha hasi ya hisa 100, na chini yake deni la gawio la hisa ambazo hajawahi kuzishika. Barua yake huanza kwa kusema dalali amemwibia. Kwa barua nyingi tunazochunguza, hakuna wizi. Mteja alipangiwa utekelezaji mapema, na dalili zilikuwa kwenye skrini yake tangu siku iliyotangulia.

Opsheni za hisa za kampuni moja moja zinazouzwa kwenye masoko ya Marekani ni za mtindo wa Kimarekani. Aliyenunua anaweza kutekeleza haki yake siku yoyote ya biashara mpaka mkataba uishe. Aliyeuza hana kauli katika hilo. Alilipwa bei ya opsheni ili asiwe na kauli.

Hapa nieleze utaratibu, kwa sababu ndipo tuhuma nyingi zinapozaliwa. Aliyenunua koli yako hakujui, nawe humjui. Katikati yenu iko OCC, yaani Options Clearing Corporation, taasisi inayosimama upande wa pili wa kila mkataba. Mwenye koli akiamua kutekeleza, dalali wake hupeleka taarifa OCC. Baada ya soko kufungwa, OCC huchagua kwa bahati nasibu kampuni mwanachama ambayo wateja wake wameuza koli ya aina hiyohiyo. Kampuni hiyo nayo hugawa wajibu kwa wateja wake, ama kwa bahati nasibu, ama kwa kuanza na aliyeuza kwanza. Dalali anawajibika kukueleza anatumia njia ipi, na maelezo hayo yamo kwenye nyaraka ulizopewa ulipofungua akaunti. Kazi hii hufanyika usiku, kwa hiyo taarifa hukufikia asubuhi, wakati biashara yenyewe imeshahesabiwa kuwa ya jana. Haiwezi kufutwa wala kusogezwa mbele. Kumpigia dalali saa 2 asubuhi ukimtaka airudishe ni kumwomba kitu asichokuwa nacho.

Ukiinunua tena opsheni uliyoiuza kabla soko halijafungwa, usiku huo hupangiwi, hata kama mwenye haki alishatuma taarifa yake asubuhi. OCC huondoa kwanza mikataba iliyofungwa siku hiyo, ndipo igawe wajibu kwa iliyobaki.

Sasa tuje kwenye dhana potofu inayotuchosha kuliko zote, kwamba bei ya hisa ikishavuka bei ya mkataba basi muuzaji atapangiwa wakati wowote. Sivyo. Mwenye koli anayetekeleza mapema hutupa thamani ya muda iliyobaki ndani yake. Koli yenye bei ya mkataba ya dola 50, hisa ikiwa dola 60, inaweza kuwa inauzwa dola 11. Akitekeleza anapata dola 10, akiiuza sokoni anapata 11. Mtu mwenye akili zake atauza. Dola hiyo 1 ndiyo thamani ya muda, nayo ndiyo ngao ya aliyeuza, na ikiwepo anaweza kulala.

Gawio ndilo linalovunja ngao hiyo. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei yake hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Mwenye hisa hulipwa fidia ya mshuko huo kwa kupewa gawio, lakini mwenye koli halipwi chochote. Opsheni hairekebishwi kwa ajili ya gawio la kawaida la fedha taslimu. Akitaka gawio lazima awe na hisa kabla ya siku hiyo, na njia yake ni kutekeleza siku ya biashara inayoitangulia. Kwa hiyo swali analojiuliza jioni hiyo ni moja tu: gawio nitakalolikosa ni kubwa kuliko thamani ya muda nitakayoitupa?

Nichukue mfano unaofanana na barua tunazopokea. Hisa iko dola 60. Kampuni imetangaza gawio la dola 0.80 kwa hisa, na kesho hisa inaanza kuuzwa bila gawio. Mteja wetu aliuza koli ya 50 na kununua koli ya 55, zote zikiwa zimebakiza siku 10, akapokea dola 2 kwa hisa, yaani dola 200 kwa mkataba wa hisa 100. Aliambiwa, na ndivyo programu ilivyomwonyesha, kwamba hasara yake haiwezi kuzidi dola 300: tofauti ya bei mbili za mikataba ni dola 500, toa 200 alizopokea.

Jioni ile koli ya 50 inauzwa dola 10.05. Thamani ya muda ni senti 5. Puti ya bei hiyohiyo ya 50, yaani opsheni ya haki ya kuuza, nayo inauzwa senti 5. Nashauri kila mtu aangalie puti, kwa sababu bei ya koli iliyozama ndani sana, yaani ambayo hisa imeipita mbali bei yake ya mkataba, hunukuliwa ovyo, mnunuzi na muuzaji wakiwa mbali. Anayetekeleza koli anaachia vitu viwili. Kwanza kinga ya bei kuporomoka chini ya 50, ambayo thamani yake ndiyo bei ya puti hiyo. Pili riba ya dola 50 kwa siku zilizobaki. Kwa siku 10, riba ikiwa kama asilimia 4.5 kwa mwaka, ni senti 6 hivi. Jumla anaachia senti 11 ili apate senti 80. Hakuna mjadala hapo. Atatekeleza.

Mteja wetu hakufanya kitu. Asubuhi anakuta ameuza hisa 100 kwa dola 50 ambazo hana. Hisa inafunguka dola 59.20. Kwa kuwa biashara ilihesabiwa ya jana, gawio linamhusu yeye kama mdaiwa: dola 80. Akizinunua hisa sokoni ili azirudishe, anapoteza dola 920. Jumlisha gawio, zinakuwa 1,000. Koli yake ya 55 anaiuza dola 4.35, anapata 435. Toa hizo, toa na 200 alizopokea mwanzoni, hasara inabaki dola 365. Ile hasara “isiyoweza kuzidi 300” imezidi, kwa sababu koli aliyoishika mkononi haikumpa gawio, ilhali ile aliyoiuza ilimdai.

Laiti angezifunga zote mbili jioni ile, akanunua ya 50 kwa 10.05 na kuuza ya 55 kwa 5.00, angepoteza dola 305. Njia nyingine ni kutekeleza mwenyewe koli yake ya 55 jioni hiyohiyo. Akipangiwa kwenye ile ya 50, hisa alizonunua kwa 55 zinakwenda kwa 50, na hasara inabaki 300 kamili. Asipopangiwa, maana wapo wenye koli wanaosahau kutekeleza, gawio la dola 80 linakuwa lake. Ila ahakikishe kwanza akaunti inabeba ununuzi wa dola 5,500, na aulize dalali saa ya mwisho ya kupokea maagizo ya kutekeleza. Saa hiyo hutofautiana kati ya dalali na dalali, na kisingizio cha “sikujua” hatujakiona kikimsaidia mtu.

Dola 65 za ziada zinaonekana ndogo. Mwenye mikataba 10 ameamka na deni la hisa 1,000, zenye thamani ya dola 59,200, na dalali anadai dhamana. Mkataba wa akaunti ya dhamana kwa kawaida humruhusu dalali kufunga nafasi zako bila kukuuliza, kwa bei atakayoikuta sokoni, na bila kukungoja umalize kikao. Anaweza kununua hisa akaiacha koli yako ya 55, au akafunga vyote. Malalamiko dhidi ya hatua hiyo mara nyingi hayaendi mbali, kwa kuwa mteja aliiridhia kwa saini yake.

Wauzaji wa koli za SPY, mfuko unaofuata fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, wawe macho zaidi. Siku yake ya kuanza kuuzwa bila gawio kwa kawaida huangukia Ijumaa ya 3 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, siku ileile opsheni za mwezi zinapoisha. Wengi huikodolea macho Ijumaa, kumbe hatari ni Alhamisi jioni. Opsheni za SPX, zinazofuata fahirisi ileile ya S&P 500, ni za mtindo wa Kiulaya na hulipwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo hazitekelezwi mapema. Kuzichanganya hizi mbili ni kosa la mara kwa mara, hata kwa watu wanaojiita wazoefu.

Kwa puti zilizozama ndani sana, yaani hisa ikiwa chini mbali ya bei ya mkataba, chanzo cha kutekelezwa mapema ni riba. Chukua puti ya bei ya mkataba ya dola 100, hisa ikiwa 60, siku zikibaki 90, kampuni hailipi gawio. Mwenye puti akitekeleza leo anapata dola 100 kwa kila hisa, akiziweka kwa riba ya asilimia 5 zinamzalia kama dola 1.23 kufikia mwisho wa mkataba. Anachoachia ni nafasi ya hisa kupanda kupita 100, na bei yake ni ile ya koli ya 100, tuseme senti 10. Hana sababu ya kungoja. Dalili kwenye skrini ni bei ya mnunuzi wa puti kushuka mpaka dola 40 au chini yake. Ukiona hivyo, thamani ya muda imekwisha.

Gawio hapa hufanya kazi kinyume. Mwenye puti anataka bei ishuke kwanza, kwa hiyo kama gawio la senti 80 liko siku 5 mbele, atavumilia riba ya senti 7 ya siku hizo na kutekeleza hisa ikishaanza kuuzwa bila gawio. Aliyeuza koli aogope jioni iliyotangulia, aliyeuza puti aogope siku zinazofuata.

Aliyepangiwa puti hii analipa dola 10,000 kwa hisa za dola 6,000. Ile hasara ya dola 4,000 ilikuwa tayari kwenye nafasi yake, haikuletwa na kupangiwa. Kipya ni fedha ya kulipia, na tangu 28 Mei 2024 malipo ya hisa Marekani hukamilika siku 1 tu ya biashara baada ya tarehe ya biashara. Kwa kuwa taarifa inakufikia asubuhi na biashara ni ya jana, siku yenyewe ya kulipa ni hiyo uliyoamkia.