Mshamba wa Nakuru na adui wa sinema

Je, ilikuwaje maneno yaliyomtaja mtumishi, mkulima au msichana tu yakageuka kuwa matusi?

Simama dakika kumi kwenye stendi ya matatu hapa Nakuru na utasikia mtu akiambiwa, "Wacha ushamba!" Anayeambiwa hivyo huenda alizaliwa mtaani Section 58 na hajawahi kushika jembe. Kosa lake ni kwamba amebishana na konda kuhusu nauli, au amevaa soksi nyekundu. Anayetukana naye huenda anaweka akiba anunue ekari moja Njoro. Shamba tunalitaka sana, ila hakuna anayetaka kuitwa mshamba.

Waingereza walipita njia hiyo hiyo. Neno lao "villain", ambalo leo ni adui wa sinema anayepigana na steringi, lilitoka kwenye Kilatini "villa", yaani makao ya shambani. "Villanus" alikuwa mtu wa shamba, na ukitaka kulitafsiri neno hilo kwa Kiswahili huna haja ya kwenda mbali: ni mshamba. Mwaka 1086, mfalme wa Uingereza alipotuma watu wahesabu ardhi na wakazi wake, "villani" waliandikwa kama kundi, na ndilo lililokuwa na watu wengi kuliko yote. Hawakuwa hata wa chini kabisa, maana chini yao walikuwepo wenye vibanda na watumwa. Karani aliyeandika neno hilo hakuwa akimtukana mtu.

Tusi lilitoka kwa waliokaa ngomeni. Wao ndio waliojua kuandika au waliokuwa na wa kuwaandikia, na kila walipotaka kusema mtu hana adabu, walimfananisha na mtu wa shamba. Mwanzoni neno lilibeba mambo mawili, kazi na tabia. Kisha mfumo wa kumfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana wake ukafifia Uingereza, kufikia karne ya 16 ukawa karibu umekwisha, na neno likapoteza ile kazi. Ikabaki tabia. Tangu hapo hata tajiri angeweza kuitwa "villain", kama kijana wetu wa Section 58 anavyoitwa mshamba.

Hapo ndipo penye kipimo. Neno likiweza kumwangukia mtu asiyeifanya kazi ile, ujue limeshakata kamba. Kiswahili kinakuonyesha jambo hilo waziwazi kwa kiambishi kimoja tu. Ukulima ni kazi. Ushamba si kazi, ni kutojua mambo. Mtu atajitambulisha kanisani kuwa ni mkulima na wenzake wamwitikie vizuri, lakini akisema ni mshamba, watacheka.

Usidhani neno lenyewe lilikuwa na mbegu mbaya. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili yaliyomtaja mvulana, na baadaye mtumishi: "cnafa" na "cniht". La kwanza limekuwa "knave", yaani laghai. La pili limekuwa "knight", askari mheshimiwa wa farasi. Wote walianza kama vijana wa kutumwa, ila wa pili walikuja kutumikia wakubwa vitani wakiwa juu ya farasi, wakapewa na ardhi. Heshima ya watu wale ndiyo iliyolipandisha neno lao.

Babu yangu alilijua jambo hili bila kusoma historia. Alifanya kazi kwa setla upande wa Njoro, akiwa na watoto watano nyumbani, na aliitwa "boi" hadi siku aliyoacha kazi. Neno la mtoto wa kiume alipewa mwanamume mwenye ndevu, kwa sababu tu alipika na kufua. Bado tunalo: anayekata majani ya ua tunamwita shamba boi, hata akiwa mzee wa kanisa.

Kwa wanawake mteremko ni mkali zaidi, kwa sababu dharau ya kazi huongezwa uvumi wa mwenendo. "Huswif" wa Kiingereza alikuwa mama mwenye nyumba. Ulimi ukalifupisha likawa "hussy", na kufikia karne ya 17 lilikuwa likimaanisha mwanamke asiye na haya. Mwenzake "husband", aliyetoka kwenye neno lile lile la nyumba, amebaki mume wa watu, safi kabisa.

Sisi tunajaribu kukimbia mbele ya dharau kwa kubadilisha jina. Tulisema hausigeli, Sheng ikaleta "mboch", nalo likachafuka haraka. Siku hizi wengi husema "dada wa kazi", na wenye utani husema "meneja wa nyumba". Jirani yangu mmoja hutumia hilo la mwisho kwa madaha. Juzi nilimsikia akimkemea binti yake aliyeacha vyombo bila kuosha: "Unafikiri mimi ndiye meneja wa nyumba hapa?"