Lita tano za maji hazitakupa choo

Kila wiki kuna mgonjwa anayekaa mbele yangu na chupa kubwa ya maji mkononi, ananiambia hapati choo ingawa anakunywa lita nne, lita tano kwa siku. Kabla hajamaliza, aliyemsindikiza anaongeza: labda ayaongeze yafike sita. Hapana. Kama tayari unakunywa ya kutosha, maji ya ziada hayaendi kulainisha kinyesi. Yanaenda kwenye mkojo.

Utumbo mdogo unapokea takriban lita 9 za majimaji kwa siku. Kati ya hizo, lita 2 hivi ndizo ulizokunywa na kula. Nyingine zote mwili wako umezimwaga wenyewe: mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na ya kuta za utumbo. Karibu zote zinafyonzwa njiani, na kwenye utumbo mpana inafika kama lita moja na nusu. Huko nako zinafyonzwa, mpaka kinyesi cha siku kinatoka na maji yasiyozidi sana mililita 100 au 200. Utumbo uliozoea kurudisha mwilini lita 9 hautashindwa na chupa yako moja zaidi.

Anayefaidika na maji ni yule aliyekaukiwa: mzee anayesahau kunywa, fundi anayeshinda juani, au dereva anayejinyima maji kwa sababu hana pa kujisaidia njiani. Tazama mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea mchana kutwa, ongeza maji. Ukiwa mweupe, tafuta sababu kwingine.

Maji yanasaidia pale yanapopata kitu cha kuyashikilia ndani ya kinyesi, na kitu hicho ni nyuzinyuzi. Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 1998 ambamo wagonjwa wote walikula gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na waliokunywa lita 2 za maji walipata nafuu zaidi ya waliokunywa kidogo. Watu wameshika habari ya maji, wakaacha zile gramu 25.

Nimweleze mgonjwa mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache asitambulike. Mama wa miaka arobaini na kitu, muuza vitenge Kariakoo. Choo mara mbili kwa wiki, vidonge vigumu kama vya mbuzi, na kujikamua mpaka jasho. Maji lita nne. Asubuhi chai na maandazi, mchana wali na kuku, usiku ugali wa sembe na dagaa. Hapo nyuzinyuzi ni chache mno. Alikuwa anameza pia vidonge vya madini ya chuma kila siku kwa sababu ya hedhi nzito, na vidonge hivyo hufunga choo kwa watu wengi. Kila Jumapili alikunywa dawa ya mitishamba ya kusafisha tumbo.

Hiyo ya Jumapili inaniudhi kuliko maji. Dawa kali ikishamwaga kila kilichomo, utumbo mpana unahitaji siku mbili tatu kujaa tena. Siku hizo usipopata choo, hujafunga. Hakuna cha kutoka. Yeye alihesabu siku hizo kama ugonjwa, akashtuka, akanywa tena. Nilimwomba aiache kwanza, maana tusingeweza kujua utumbo wake unafanyaje huku unafagiliwa kila wiki.

Kisha nikamuuliza haja inambana saa ngapi. Akasema saa moja na nusu asubuhi, akiwa ndani ya daladala, nusu saa baada ya chai. Akifika sokoni choo ni cha kulipia, foleni, wakati mwingine hakina maji. Anajibana mpaka hamu inapotea.

Hapa ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Chakula kikiingia tumboni, hasa asubuhi, utumbo mpana unajikunja kwa nguvu na kusukuma kinyesi kuelekea kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo. Ukikibana, puru inatanuka na kutulia, hamu inakwisha, na maji yanaendelea kufyonzwa. Ukifanya hivyo miaka, puru inazoea kujaa bila kukupa taarifa.

Tulipanga hivi. Aamke nusu saa mapema, anywe chai kwa viazi vitamu badala ya maandazi, asubiri dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha aende chooni nyumbani hata kama hamu ni ndogo. Kwake ni choo cha kukaa, kwa hiyo aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele, viwiko juu ya magoti. Ukichuchumaa, msuli unaoizunguka puru kwa nyuma unalegea na njia inanyooka. Dakika tano zikipita bila kitu, anyanyuke. Simu ibaki chumbani, maana kukaa muda mrefu kunaalika bawasiri.

Chakula: nusu kikombe cha maharage au kunde kila siku, dona badala ya sembe, na mapera au papai. Tuliongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayeanza na sahani nzima ya maharage anajaa gesi, na siku ya tatu anaacha. Vidonge vya chuma tukavifanya siku moja ndiyo, moja hapana. Nikampa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 asubuhi na jioni, kwa wiki za mwanzo.

Mazoezi sikuyasisitiza. Kutembea kunafaa, na anayelala kitandani siku nzima hufunga kweli, lakini kwa mtu anayesimama dukani kutwa sina uhakika kama kunabadilisha mengi.

Baada ya wiki tatu choo kilikuja siku moja baada ya nyingine, laini. Ila akasema bado anahisi kimebaki. Nikampima kwa kidole na kumwambia asukume kama yuko chooni. Msuli wa njia ya haja ukabana kidole badala ya kulegea. Mtu wa namna hii anasukuma mlango alioufunga mwenyewe, na ukimwongezea pumba unamjaza tu. Anahitaji kufundishwa: ajaze pumzi tumboni, aachie nyonga, asukume bila kubana koo. Tulifanya hivyo na mtaalamu wa viungo, na amepata nafuu, ingawa si kila siku. Nakiri pia kipimo cha kidole kinaweza kupotosha, kwa sababu aibu peke yake hukaza misuli.

Wengi wananiuliza kama laktulosi au sena zitaufanya utumbo uwe mvivu. Hofu hiyo tulifundishwa hata sisi, lakini ushahidi wake ni dhaifu kwa dawa za siku hizi zikitumika kwa kipimo. Naogopa zaidi chupa isiyo na maandishi ya kilichomo.

Wapo wasiopaswa kuanza na maharage wala kigoda. Damu kwenye kinyesi, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au choo kilichobadilika ghafla ukiwa umepita miaka 45 au 50, hasa kama kuna saratani ya utumbo kwenye ukoo: hao wanahitaji kuchunguzwa utumbo mpana kwanza. Na tumbo likivimba, ukatapika, na hata ushuzi hautoki, nenda hospitali siku hiyohiyo.